Samaki Anayepakwa Mara Tatu

Ukishuka gatini Lamu ukatembea na ukingo wa bahari, utaona majahazi mengi yaliyochorwa kwenye vibao vya biashara. Hoteli ina jahazi, duka la nguo lina jahazi, kinyozi naye ana lake. Nilipokabidhiwa mkahawa wa shangazi yangu huko Langoni, mchoraji wa nembo niliyemwendea aliniletea tanga moja na mawimbi mawili. Mchoro ulipendeza, na niliulipia. Lakini nilijua kwamba mgeni aliyekwisha kupita vibao vyote vile hana sababu ya kukumbuka changu.

Tena Mji wa Kale haukupi nafasi ya kujitangaza kwa kibao. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba kibao huonekana pale tu unapokuwa chini yake, ukimpisha punda. Mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na uso wa nyumba hauguswi ovyo. Nembo yangu ikaishia kwenye karatasi ya risiti na kwenye kona ya menyu, na hapo imekaa mpaka leo. Mkahawa wenyewe ulihitaji kujulikana kwa vitu vingine: maneno anayosoma mgeni, chumba anachoketi, sauti anayoisikia, na sahani inayowekwa mbele yake.

Mambo manne yakishughulikiwa mbalimbali, kila moja huenda njia yake. Fundi wa taa ana lake, mpishi ana lake, kijana wa muziki ana lake. Nikaamua tuchague chakula kimoja, na hicho ndicho kiamue mengine yote. Haikuwa vigumu kuchagua. Samaki wa kupaka wa shangazi ndiye aliyekuwa akiwarudisha watu kabla mimi sijazaliwa.

Nieleze anavyopikwa, maana yote yanayofuata yanatoka hapo. Samaki mzima wa kama nusu kilo anachanjwa pande zote mbili, anapakwa tangawizi, thomu, ndimu, pilipili na chumvi, anaachwa ajikolee. Nazi inakunwa kwa mbuzi, inakamuliwa kwa kifumbu. Tui zito linatengwa, linapikwa kwa moto mdogo pamoja na bizari ya manjano huku likikorogwa, na ukwaju huingia mwishoni, kwa sababu ukiutia mapema na moto ukawa mkali, tui hukatika likawa mafuta na chembechembe. Samaki anawekwa juu ya seredani wakati makaa yamevaa majivu. Anakaribia kuiva ndipo anapopakwa tui mara ya kwanza. Anageuzwa, anapakwa tena. Mara ya tatu ni pale anapotaka kuondolewa, na hilo la tatu haliachwi likauke. Ukimpaka mapema sana, nazi huungua kabla nyama haijaiva. Ukimpaka juu ya makaa yanayowaka, mafuta hudondoka, moto hupanda, na samaki hutoka na masizi badala ya moshi.

Menyu ya zamani ilikiita chakula hiki "Samaki wa nazi, kwa wali au chipsi." Maneno hayo si ya uongo, lakini hayakuwa na lolote la shangazi ndani yake. Mkahawa wowote kuanzia Kiunga hadi Vanga ungeweza kuyaandika. Nikaketi karibu na seredani na daftari, nikaandika alichokuwa akifanya kwa maneno aliyoyatumia mwenyewe, kisha tukapunguza mpaka ikabaki hivi:

"Samaki wa kupaka. Samaki mzima wa leo, juu ya makaa, amepakwa tui la nazi na ukwaju mara tatu. Kwa wali wa nazi na achari ya embe. Huchukua nusu saa."

Nilijiwekea kanuni moja katika kuandika: kila neno liwe ni kitu ambacho mpishi amekifanya au amekinunua. "Tamu" likatoka. "Halisi" likatoka. "Wa kipekee" likatoka, nalo ndilo lililokuwa likipendwa zaidi na vijana wetu wa mezani. Maneno ya sifa mgeni hana pa kuyapima, na ameyasoma kila alipokula tangu Mombasa. "Mara tatu" anaweza kulipima. Anaweza hata kumuuliza mhudumu kwa nini tatu, na mhudumu akamjibu, na mazungumzo hayo hufanyika tayari ndani ya chapa yetu bila mtu kuitaja. "Mzima" linamwandaa kwa kichwa na miiba, na tangu liandikwe hatujarudishiwa samaki jikoni kwa sababu ana macho. "Huchukua nusu saa" shangazi alilipinga sana.

"Mwanangu, wewe unawafukuza watu kabla hawajaketi?"

Nilimwomba tulijaribu. Mwenye haraka alikuwa akiondoka na hasira hata zamani, tofauti ni kwamba zamani alikuwa ameshaagiza. Sasa mwenye haraka anaagiza viazi vya karai au mkate wa mofa na mbaazi, anakula, anakwenda zake ameridhika. Anayengoja anajua anangoja nini.

Neno lililotugharimu fedha ni "leo." Wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia, samaki si tatizo. Kusi ikishika, kuanzia kama Aprili, vyombo vidogo haviendi nje ya mwamba. Wavuvi wanabaki kwenye mikondo na kando ya mikoko, na kinacholetwa ni kidogo na cha aina nyingine. Kwa hiyo aina ya samaki hatukuichapa. Kuna kibao cha chaki ukutani kinachosema leo ni changu, au tafi, au tewa. Siku ambayo kuna samaki wa barafu tu, kibao hufutwa na chakula hicho hakiuzwi, hata kama chumba kimejaa watu waliokuja kwa ajili yake. Mhasibu wetu haelewi jambo hili mpaka leo. Mimi naliona hivi: samaki wa barafu akichanjwa na kuwekwa juu ya makaa hutoa maji, tui halishiki, linateleza, na mgeni aliyesoma "leo" huijua tofauti kwa ulimi hata asipoweza kuieleza. Mkahawa unaoweza kusema "leo hakuna" huaminiwa siku unaposema "yupo."

Majina ya vyakula yamebaki ya Kiswahili kwenye menyu zote, na maelezo ndiyo yanayobadilika lugha kwa ajili ya wageni wa nje. Wahudumu nao hutumia sentensi ileile. Mwanzoni mmoja alikuwa akiwaambia watu ni "samaki wa kuchoma na sosi," na nusu ya kazi ya menyu ilikuwa ikipotea hapo mdomoni mwake.

Sasa, ukishaandika kwamba samaki anapakwa mara tatu, mgeni hutaka kuona. Seredani ilikuwa nyuma, kwenye ukumbi wa jikoni usioonekana na mtu. Nyumba yetu ni ya kale, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko ndizo zinazoamua upana wa vyumba, haufiki mita 3. Katika chumba kama hicho huwezi kuleta moto. Lakini kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kiko katikati, wazi juu, na vyumba viwili vya kulia vinakitazama. Tuliihamishia seredani kiwandani. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo badiliko kubwa kuliko yote ya mapambo, na halikuwa pambo.

Moshi ulikuwa shida. Ndani ya kiwanda upepo hauendi ulivyo nje. Huruka ukuta, ukazunguka, ukarudi kinyume na unavyodhani. Hatukukisia. Tulifukiza udi kwenye chetezo, tukakihamisha kona hadi kona huku tukitazama moshi unakokwenda, wakati wa kusi na tena wakati wa kaskazi. Matokeo ni kwamba seredani ina makazi mawili kwa mwaka. Mwenye kiwanda kama hiki asijenge jiko la saruji kabla ya kupitisha misimu yote miwili.

Vyumbani tulitoa vitu zaidi kuliko tulivyoongeza. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilikuwa zimejaa vinyago, makombe ya bahari na vijahazi vya mbao. Tukaziacha na bakuli chache za kauri, kama zilivyokuwa zikitumika majumbani, na sehemu nyingine tupu. Kwa ajili ya makalio ya watu, mito ya sufi kwenye baraza. Kuta zilipakwa chokaa upya, bila rangi ya dukani, kwa sababu kuta za matumbawe zinavuta unyevu na rangi ya plastiki huuziba mpaka plasta ikabanduka.

Taa ndiyo iliyonisumbua. Fundi alitufungia balbu nyeupe kali, zile ambazo paketi yake imeandikwa kelvini 6500. Chumba kiling'aa, wenyeji wakafurahi kwamba mkahawa umekuwa wa kisasa, na samaki akawa wa kijivu. Bizari ya manjano chini ya mwanga ule ina rangi ya mtu mgonjwa, na tui huonekana kama limelala. Tulibadilisha balbu za mezani tukaweka za kelvini 2700, zenye mwanga wa rangi ya kandili. Bei ni ileile, namba tu kwenye paketi ndiyo tofauti. Sahani ileile, kutoka seredani ileile, ikaonekana ya dhahabu na kingo nyeusi pale moto ulipopita. Jikoni balbu nyeupe zimebaki, maana mpishi anahitaji kuona damu karibu na mfupa na magamba yaliyosalia. Ukitaka kujua kama taa zako zinaua chakula, chukua sahani moja uitazame chini ya taa, kisha uitoe nje mchana kivulini. Rangi zikitofautiana sana, tatizo si mpishi.

Muziki niliogopa kuugusa, kwa sababu Lamu muziki una adabu zake. Adhana ikianza, sauti huzimwa, na haiwashwi mpaka iishe kabisa. Usiku wa Ijumaa sisi hatupigi kitu. Mwezi wa Ramadhani mkahawa hufunguliwa baada ya futari na hauna muziki. Mchana wa siku za kawaida pia hakuna: wanaokula mchana ni watu wa ofisi za kaunti, mabaharia na wenye maduka, wana haraka na wana mengi ya kuzungumza. Husikia kwato za punda kichochoroni na mafuta yakidondokea makaa, na inatosha.

Jioni tunapiga udi mtupu, au taarabu ya zamani yenye udi mbele. Lamu ina haki ya sauti hiyo. Zein l'Abdin, mpigaji udi aliyesifika pwani nzima, ni mzaliwa wa hapa. Nyimbo za mafumbo makali ya wake wenza niliziondoa. Mgeni wa mbali hazimsumbui, lakini familia ya hapa iliyoketi na wakwe inasikia kila neno, na kuna nyimbo zinazoweza kuharibu chakula cha jioni cha watu sita. Anayechagua muziki wa mkahawa Uswahilini lazima asikilize maneno mpaka ubeti wa mwisho.

Mwendo wa muziki una athari inayopimika. Ronald Milliman alichapisha mwaka 1986 utafiti uliofanywa kwenye mkahawa mmoja Marekani: siku za muziki wa polepole wateja walikaa mezani wastani wa dakika 56, siku za muziki wa haraka dakika 45. Chakula walinunua karibu sawa. Kilichoongezeka kwenye muziki wa polepole ni vinywaji. Kwetu vinywaji ni juisi ya ukwaju, madafu na kahawa chungu, hivyo faida hiyo ni ndogo, na dakika 11 zaidi kwa kila meza mwezi wa Desemba ni watu wamesimama mlangoni. Kwa hiyo wageni wakiwa wengi tunapiga taarabu yenye dumbaki inayotembea, na udi wa polepole huwekwa wakati wa kusi, mkahawa ukiwa na meza tatu tu na tunataka zikae.

Kuta za mawe na chokaa hurudisha kila sauti. Spika moja kubwa kwenye kona ilimfanya wa karibu apige kelele na wa mbali asisikie. Tukaweka spika ndogo mbili, kila chumba yake, zikitazama ukuta wenye mkeka. Mikeka ya Kipungani tuliyoitundika ukutani kila mtu anadhani ni urembo. Kazi yake ni kunywa mwangwi. Kipimo chetu ni rahisi: watu wawili wanaotazamana mezani wazungumze bila kuinua sauti. Programu ya simu ya kupimia kelele husoma karibu desibeli 60 hapo. Ikipanda sana, si mazungumzo tu yanayoharibika. Utafiti uliochapishwa 2011 uliwalisha watu huku wakisikia kelele kubwa kwenye visikizi, nao wakaonja chumvi na utamu kwa udogo zaidi. Shangazi aliijua hiyo bila utafiti. Jioni za fujo ndizo watu walizokuwa wakimwomba chumvi. Na jambo moja la sheria: muziki mbele ya wateja hapa Kenya unataka leseni, hata ukitoka kwenye simu yako. Tunayo, na imetundikwa.

Kilichobaki ni sahani. Tulikuwa na sahani nyeupe za hoteli. Shangazi aliitazama ya kwanza ilipopita akasema, "Wali mweupe, sahani nyeupe. Mgeni ataona nini?" Alitaka sinia ya shaba, kama ya nyumbani. Nilikubaliana naye kwa macho, lakini ukwaju na ndimu vikikaa juu ya shaba tupu huila, na shaba huingia kwenye chakula. Unaonja chuma na tumbo linakujibu. Sinia za kale hutiwa bati ndani kwa sababu hiyo, na bati hilo huchakaa likahitaji kutiwa upya. Tukachukua sinia za chuma kisichoshika kutu, duara, tukazilazia jani la mgomba lililopitishwa motoni kidogo ili lilainike lisipasuke. Kijani cha jani, manjano ya tui, weusi wa kingo: hapo rangi tatu zinaonekana, hata kwa mwanga mdogo.

Mpangilio tuliuandika na kuupiga picha, picha iko ukutani jikoni. Samaki katikati, kichwa kushoto kwa mgeni. Wali upande wa juu, vikombe viwili kwa sinia ya watu wawili, umemwagwa wenyewe. Tulikataa kuufinyanga kwa bakuli, kwa sababu wali wa nazi uliofinyangwa hushikana na kupoa ukiwa donge. Tui lililobaki huja kwenye kibakuli pembeni, halimwagwi juu. Ngozi iliyopakwa mara tatu ina ukavu wake chini ya ile tabaka ya mwisho, na ukiifurikisha inalegea kabla haijafika mezani. Kachumbari pia huja peke yake, maana maji ya nyanya yakigusana na tui hulizimua. Nusu ya ndimu, achari kijiko kimoja. Hakuna majani ya pambo yasiyoliwa.

Sinia ilileta swali la kula pamoja. Wenyeji huizunguka kwa mkono wa kulia bila kuambiwa. Wageni wengine hupenda, wengine hawapendi, na si kazi ya mkahawa kumfunza mtu mzima kula. Mhudumu huweka sinia katikati, birika na bakuli la kunawia pembeni, na sahani mbili tupu na vijiko juu ya meza. Hasemi kitu. Mtu huchagua mwenyewe.

Jinsi ninavyojua kwamba kazi inafanyika ni daftari la wahudumu. Kila jioni huandika maneno ambayo mgeni ametumia kuagiza. Zamani yalikuwa "ule samaki" na "kitu cha nazi." Sasa wengi hufika wakisema "yule wa mara tatu," pamoja na watu ambao hawajawahi kuingia, na mabaharia gatini huwaelekeza kwa maneno hayohayo, bila jina la mkahawa. Daftari hilohilo hutuonyesha tunapoteleza. Usiku mmoja wenye watu wengi liliandikwa "mgeni amesema ni mara mbili." Alikuwa ameketi anatazama seredani, akahesabu. Mpishi mpya alikuwa ameiruka ya mwisho ili meza ziende. Hatukumtoza mgeni, na tangu siku hiyo meza zikizidi uwezo wa seredani mhudumu hufuta kibao mapema.

Binamu yangu wa Malindi aliniomba menyu aige. Nilimpa, nikamsihi asiinakili. Kwake ni makuti, pembeni pako wazi, upepo unachukua muziki wote, na wateja wake wengi ni Waitaliano na watoto wao wa Kimalindi. Samaki wa kupaka si wa jiko lake. La kwake ni kamba wa karai na pilipili ya ndimu, na mama yake anajua kwa nini karai lile haliwekwi mafuta mapya yote kwa mara moja. Ameanza kuandika hayo. Balbu bado ni nyeupe, anabishana na mwenye nyumba.